Chupa ya Chai Inaona Nini?

Picha ya kwanza niliyompelekea ilifuata kila kitu nilichofundishwa. Taa kuu upande wa kulia, juu kidogo. Taa ya kujazia kushoto, hafifu zaidi. Taa ya tatu nyuma ya bidhaa ili kuitenga na pazia. Bidhaa yenyewe ilikuwa chupa ya chai, ile ya chuma cha pua iliyosuguliwa hadi ikang'aa, yenye kifuniko chekundu na mpini mweusi wa plastiki. Mteja ni mama mmoja anayeuza vyombo kwa jumla Kariakoo, na alitaka picha za katalogi kabla kontena halijafika. Chupa halisi hazikuwepo. Nilikuwa na vipimo tu na picha mbili za simu kutoka kiwandani, kwa hiyo chupa niliijenga ndani ya kompyuta, kwa programu ya Blender, na picha nikaitoa humo humo.

Jibu lake lilikuja baada ya dakika tano. "Mwanangu, mimi nauza chuma. Hii umeniletea plastiki."

Alikuwa sahihi. Mwili wa chupa ulikuwa wa kijivu kilichopoa kama bomba la maji, na juu yake palikuwa na vidoa vitatu vyeupe, kimoja kwa kila taa. Nikaongeza nguvu ya taa. Vidoa vikawa vikali zaidi, kijivu kikabaki kijivu. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mafundi wa studio hulijua kwa mikono kabla ya kulieleza kwa maneno: kitu kinachong'aa hakimulikwi, kinaonyeshwa kitu cha kutazama.

Utaratibu wa taa tatu ulizoeleka kwenye filamu na picha za watu, na uso wa mtu una tabia ya pekee. Ngozi hupokea mwanga na kuutawanya kila upande. Ukiielekezea taa, ngozi yenyewe huonekana imeangaza, popote ulipo. Karatasi, mbao na kitambaa hufanya vivyo hivyo. Chuma kilichosuguliwa hakitawanyi. Mwanga ukikigonga unaruka kwa pembe ile ile uliyokuja nayo, kama mpira kwenye ukuta, na kama kamera haipo mahali mpira unapoangukia, haioni kitu. Kwa hiyo unapotazama chupa ya chuma huoni chupa. Unaona chumba kilichoizunguka, kimebanwa na kupindishwa kwenye mwili wake. Chumba changu cha kompyuta kilikuwa kijivu kitupu chenye taa tatu ndogo. Chupa ilikuwa inasema ukweli.

Kazi hii ya kuchora bidhaa badala ya kuipiga picha si geni. Kampuni ya samani ya IKEA ya Uswidi iliingiza picha yake ya kwanza ya kompyuta katika katalogi mwaka 2006, nayo ilikuwa ya kiti cha mbao kiitwacho Bertil. Kufikia mwaka 2014 kiasi cha robo tatu ya picha zake za bidhaa zilikuwa za namna hiyo. Walianza na kiti cha mbao, nami naelewa kwa nini. Mbao husamehe.

Nikaanza upya, na nikaanza na pazia. Pazia lisilo na mshono ni karatasi moja ndefu inayoshuka ukutani na kuendelea mezani bila kona, ili jicho lisione mahali ukuta unapoishia na sakafu inapoanzia. Aliyewahi kupiga picha ya mkufu juu ya karatasi ya manila iliyokunjwa kidogo ukutani ameshalitumia. Katika kompyuta nilitengeneza sakafu yenye kina cha mita moja na nusu, ukuta wa kimo hicho hicho, na kati yao mkunjo wa duara wenye nusu kipenyo cha sentimita 40. Mkunjo ukibanwa hadi sentimita tano, huonekana kwenye picha kama utepe wa kivuli nyuma ya bidhaa, na maana yote ya pazia inapotea. Rangi ya karatasi sikuiweka nyeupe kamili. Nyeupe ya 1.0 katika hesabu za kompyuta ni karatasi inayorudisha mwanga wote bila kupoteza chochote, kitu ambacho hakipo duniani, na mwanga huo huendelea kurukaruka hadi kila kivuli kinafifia. Karatasi nyeupe ya kawaida hurudisha kama asilimia 80, nami nikaweka 0.8.

Kisha kamera. Nilitumia lenzi ya milimita 120 nikaisogeza nyuma mita moja na nusu, ili mistari ya chupa isimame wima bila kufunguka kama shina la mbuyu. Katika picha ya kwanza kamera ilikuwa juu, sentimita 45 kutoka mezani, kwa sababu nilitaka kifuniko kionekane vizuri. Kimo hicho kiliniponza, nami nitaeleza namna yake baada ya kuiweka taa kuu, kwa kuwa mambo hayo mawili yameshikana.

Mwili wa chupa ya chai ni mcheduara uliosimama: unene wake sentimita 12 na kimo chake sentimita 30. Uso wa mcheduara una kanuni nyepesi sana ambayo ukiishika huhitaji kubahatisha tena. Sehemu ya katikati kabisa, inayotazamana na kamera, inaiona kamera. Ukizunguka mwili wa chupa kwa nyuzi 10, sehemu hiyo inatazama nyuzi 20 kutoka ilipo kamera. Ukizunguka nyuzi 30, inatazama nyuzi 60. Kila mara ni mara mbili. Kwa hiyo taa iliyowekwa nyuzi 60 kulia kwa kamera itaonekana pale mwili ulipozunguka nyuzi 30, na hapo, kwa mtazamaji, ni nusu ya njia kutoka katikati ya chupa hadi ukingoni. Ndipo mahali pazuri pa mstari mkuu wa mwanga: si katikati, ambako hulibapaza umbo, wala si ukingoni, ambako hukimbia.

Taa kuu mpya haikuwa balbu wala kidoa. Ilikuwa paneli ya mstatili, upana sentimita 60 na kimo mita moja, umbali wa sentimita 80 kutoka kwenye chupa. Ukipima kutoka kwenye chupa, paneli hiyo inaanzia nyuzi 40 na kuishia nyuzi 80. Gawanya kwa mbili: kwenye mwili wa chupa itaonekana kati ya nyuzi 20 na 40, yaani mstari unaoanza sentimita mbili kutoka katikati na kuishia karibu sentimita nne. Mstari mweupe wa sentimita mbili kasoro kwenye chupa ya sentimita 12. Kwa mara ya kwanza kile kijivu kikageuka chuma.

Lakini mstari huo ulikatika nusu ya njia. Juu ulikuwa safi, na ulipofika katikati ya kimo cha chupa ukayeyuka ghafla kuwa kijivu. Nilidhani paneli imening'inia juu mno, nikaishusha hadi ikagusa meza, na haikusaidia kitu. Kosa lilikuwa kwenye kamera. Kamera iliyo juu inatazama chini, na mwanga unaoruka kutoka kwenye chuma nao unaendelea kushuka. Kwa kamera ya kimo cha sentimita 45 iliyo mbali mita moja na nusu, sehemu yoyote ya chupa iliyo chini ya sentimita 15 hivi haiwezi kuiona paneli, kwa sababu mtazamo wake unagonga meza kabla ya kuifikia. Nikaishusha kamera hadi sentimita 20. Mpaka ukashuka hadi sentimita saba, na kwa kuwa meza ni nyeupe na inapokea mwanga, mstari ukawa unafifia taratibu kuelekea kwenye kitako badala ya kukatwa kwa kisu. Kifuniko nacho kilionekana vya kutosha.

Kilichobaki ni ukali wa pembeni. Mstari wenye kingo kali mbili hufanana na utepe mweupe uliobandikwa, na njia ya mkato ya kuulainisha ni kuongeza thamani ya `Roughness`, ukwaruzo wa uso. Nilijaribu. Ikipanda kutoka 0.1 hadi 0.4 mstari unalainika kweli, ila chuma cha pua kinageuka sufuria ya alumini, na mama yule angeligundua hilo akiwa upande wa pili wa Mtaa wa Msimbazi. Ulaini unatakiwa uwe kwenye taa, si kwenye chuma. Studio halisi hutundika kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga, kisha huweka taa nyuma yake karibu na upande mmoja. Kitambaa hung'aa sana upande ule na kufifia polepole kuelekea upande mwingine, na chuma hukionyesha kufifia huko kama kilivyo. Katika kompyuta nilipaka paneli mpito huo wa rangi: nyeupe kamili upande ulio karibu na pazia, ikififia hadi karibu na giza upande ulio karibu na kamera. Mstari kwenye chupa ukabaki na ukingo mmoja safi upande wa nje, na upande wa ndani ukafifia kuelekea katikati kama moshi. Macho yetu husoma mfifio huo kuwa ni mviringo. `Roughness` nikaiacha 0.12.

Taa ya kujazia ndiyo iliyonifundisha zaidi. Nilitaka upande wa kushoto uwe na mstari hafifu, robo ya nguvu ya ule wa kulia, na nikafanya ambacho yeyote angefanya: nikaivuta paneli ya kushoto nyuma, kutoka sentimita 80 hadi mita moja na sentimita 60. Mpini mweusi ulififia sana, kama ilivyotarajiwa, maana umbali ukizidi mara mbili mwanga unaokifikia kitu hupungua hadi karibu robo. Mstari kwenye chuma haukufifia hata kidogo. Ulikuwa mwembamba zaidi, ila weupe wake ni ule ule. Chuma hakipimi mwanga kinaopokea, kinaonyesha sura ya paneli, na paneli iliyo mbali huonekana ndogo bila kuonekana imefifia, kama vile ukuta uliopakwa chokaa hauwi wa kijivu kwa sababu umesimama mbali nao.

Kwa hiyo kwenye bidhaa inayong'aa kuna vipimo viwili tofauti. Umbali na ukubwa wa paneli huamua upana wa mstari. Weupe wa mstari huamuliwa na mng'ao wa paneli yenyewe, yaani nguvu yake ikigawanywa kwa eneo lake. Blender huipima taa ya paneli kwa wati, na wati hizo husambaa juu ya eneo lote, kwa hiyo ukiitanua paneli mara mbili bila kugusa wati, mstari unapanuka na papo hapo unafifia nusu. Wengi huona hivyo wakadhani programu ina hitilafu. Mimi nilirudisha paneli ya kushoto mahali pake na kupunguza wati zake.

Vipimo hivyo viwili vikazaa mgogoro. Wati 30 za taa kuu ndizo zilizotosha kuifanya meza iwe nyeupe, lakini kwa nguvu hiyo paneli ilionekana kwenye chuma ikiwa imepita weupe wa skrini mara kadhaa, na ule mfifio wote niliouchora ukamezwa na doa jeupe lisilo na kitu ndani. Nikizipunguza hadi mfifio ukaonekana, meza inakuwa na giza la magharibi. Mpiga picha wa studio hupambana na hili kwa kuongeza taa za pazia na kukinga hapa na pale hadi usiku unaingia. Ndani ya kompyuta kuna mlango wa nyuma. Kila taa ina orodha iitwayo `Ray Visibility`, na humo unaweza kuzima `Glossy`, yaani taa iangaze kila kitu lakini isionekane kwenye uso unaong'aa. Nikaigawa kazi. Paneli zenye mfifio zikabaki hafifu, kazi yake ikawa kuonwa na chupa tu. Taa nyingine mbili kubwa, chupa isizoziona, zikamulika meza, mpini na kifuniko. Ni udanganyifu, nakiri, lakini ni wa namna ile ile ya kupaka mafuta embe la kwenye tangazo.

Ikabaki taa ya tatu, ya nyuma. Vitabu huiweka ili ichore ukingo wa mwanga kwenye mabega ya mtu aliyekaa mbele ya giza. Pazia langu ni jeupe. Ukingo mweupe juu ya pazia jeupe haupo. Katika majaribio yangu pande zote mbili za chupa zilikuwa zimeliwa, na chupa ya sentimita 12 ilionekana kama ya 10. Hata taa ya nyuma ilipozimwa kingo hazikurudi, na ile kanuni ya mara mbili inaeleza sababu: kadiri unavyoukaribia ukingo, ndivyo uso wa chuma unavyotazama nyuma zaidi, hadi ukingoni kabisa unalitazama pazia lenyewe.

Dawa yake ni giza. Taa ya tatu niliigeuza imulike pazia, si chupa. Kisha nikasimamisha mbao mbili nyeusi nyuma ya chupa, kulia na kushoto, nje kidogo ya fremu ya picha, kama kuta mbili za kichochoro: sentimita 27 kutoka mstari wa katikati, zikianzia sentimita 20 nyuma ya chupa na kuishia 60. Kwenye chuma zilionekana kama mistari miwili myeusi ya nusu sentimita, mmoja kila upande, na umbo la chupa likajichora kana kwamba limezungushiwa wino. Nje ya kila mstari kulibaki uzi mweupe wa milimita moja, maana ukingo wa mwisho kabisa huangalia moja kwa moja nyuma, na huko huwezi kuweka ubao bila kuonekana kwenye picha. Studio hukubali milimita hiyo. Mimi niliziondoa zile mbao kwenye macho ya kamera kwa kuzima `Camera` kwenye orodha ile ile, nikazisogeza ndani hadi uzi mweupe ukatoweka. Nilizima pia `Shadow`, la sivyo pazia lingepata vivuli viwili visivyo na mwenyewe.

Kivuli cha chupa yenyewe, kinyume chake, usikiguse. Kuna mstari mwembamba wa giza pale kitako kinapokutana na meza, na wauzaji wengi huagiza usuli uwe mweupe wa 255 kila mahali hadi mstari huo ukafutwa. Chupa ikishapoteza mstari huo inaelea.

Jambo la mwisho halikuwa la taa, ingawa lilinifanya niilaumu taa kwa saa nzima. Pazia langu jeupe lilitoka na ukijivu, na kifuniko chekundu kikawa na sura ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, Blender hugeuza mwanga kuwa rangi za skrini kwa njia iitwayo `AgX`, iliyotengenezwa kulainisha mwanga mkali kama filamu za sinema zinavyofanya. Kwa machweo ya Bagamoyo ni nzuri sana. Kwa katalogi inabadilisha rangi ambayo mnunuzi ataishika mkononi. Ukichagua `Standard` mahali palipoandikwa `View Transform`, nyekundu uliyoiweka ndiyo inayotoka, ilimradi mwanga wako haujazidi.

Nilipotaka kukagua, nilizima taa zote nikawasha moja moja na kutoa picha ndogo ya kila moja. Picha ya taa kuu pekee inatakiwa kuonyesha mstari mmoja usiokatika. Ya kujazia, mstari wa pili uliofifia. Ya pazia, chupa nyeusi yenye umbo kamili mbele ya weupe. Ikiwa mojawapo ina doa usiloweza kusema limetoka wapi, lifuate kwa kanuni ya mara mbili na utalipata. Doa langu moja lilitoka kwenye mpini: ulikuwa unajitazama kwenye mwili wa chupa, na hilo nililiacha, kwa sababu ndivyo chupa ilivyo.

Nilimtumia mama picha mpya usiku. Asubuhi akapiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema hicho sasa ni chuma. Kisha akanyamaza kidogo.

"Ila hapo begani, mwanangu, mstari umebonyea. Mzigo una kasoro?"

Nikaikuza picha. Kwenye bega la chupa, pale mwili unapojikunja kuelekea shingoni, mstari wangu laini wa mwanga uliyumba kama maji yaliyoguswa na kidole. Katika picha ya kwanza, ya plastiki, hapakuwa na mstari wa kuyumba, kwa hiyo sikuwahi kukiona. Mzigo haukuwa na kasoro. Bega nililijenga kwa vipande vichache mno, na pande mbili zilikuwa hazilingani. Nikazima taa zote nikarudi kwenye umbo.